Palipoandikwa, Pasomeke: Maneno kwa Makatibu wa Vyama vya Ushirika Waliokutana Tukuyu

Ndugu Mwenyekiti wa mafunzo, ndugu zangu makatibu, shikamooni wakubwa, na vijana hamjambo. Ndaga kwa kunikaribisha. Nimeona wengine mmetoka mbali, kuna waliolala njiani Makambako, na mvua hii ya Tukuyu mnaijua wenyewe, haimsubiri mtu amalize kuongea. Kwa hiyo sitazungumzia muhtasari mzima. Nitazungumzia ajenda mbili tu, ile ya pili na ile ya tatu: kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, na yatokanayo.

Nimezichagua kwa sababu nimesoma vitabu vingi vya mihtasari vya vyama vyetu, vya kahawa, vya chai, vya maziwa, vya maparachichi, na hapo ndipo kalamu inapokimbia. Ajenda ya kufungua kikao inaandikwa vizuri kabisa, mpaka saa na dakika. Tukifika ya pili, unakuta mstari mmoja: "Muhtasari ulisomwa na kuthibitishwa baada ya marekebisho madogo madogo." Marekebisho gani? Madogo kwa nani? Mkaguzi akija kutoka COASCO, miaka miwili imepita, katibu aliyeandika kahamia Dar es Salaam, hakuna anayejua. Na ajenda ya tatu unakuta: "Yatokanayo yalijadiliwa." Basi. Umeandika mstari mzima na hujasema kitu.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa upande wa Mbozi. Nimebadilisha tarehe na takwimu ili mtu asijitambue, lakini mambo yenyewe nimeyaona kwa macho, na mojawapo nimelifanya mimi mwenyewe.

Bodi ilikaa Alhamisi tarehe 14/3/2024. Katika muhtasari namba 4/2024 walizungumzia mashine ya kumenya kahawa. Mnaotoka kwenye kahawa mnajua kwa nini walilizungumza mwezi wa tatu: mavuno yanakuja, na kahawa ikishachumwa ikiwa nyekundu inatakiwa imenywe siku hiyo hiyo, la sivyo inaanza kuchacha ndani ya ganda na ubora unaharibika. Mashine ilikuwa na diski iliyolika. Fundi alileta makadirio ya shilingi 450,000. Bodi ikakubali, ikamwagiza katibu asimamie. Katibu alipokuja kuandika muhtasari nyumbani usiku, mtoto analia, akaandika 540,000. Nambari ziligeuzana tu. Hakuna aliyeiba.

Bodi hiyo ikakaa tena Alhamisi tarehe 13/6/2024. Ajenda ya pili ikafika, katibu akasoma. Na hapo vikajitokeza vitu vitatu. Naomba mvitofautishe, maana somo langu lote limelala hapo.

Cha kwanza, mjumbe mmoja mama alisema: "Katibu, mimi umeniandika kwenye orodha ya wasiohudhuria bila taarifa. Nilimpigia Mwenyekiti simu asubuhi, nilikuwa namuuguza mtoto hospitali." Mwenyekiti akakubali kwamba kweli alipigiwa.

Cha pili, mhasibu akasema ile 540,000 si sahihi, ilikuwa 450,000.

Cha tatu, mzee mmoja, mtu wa heshima, akanyoosha mkono akasema: "Na hapo kwenye fundi, mimi nataka muandike kwamba tulikataa. Yule fundi si mtu wa kupewa kazi." Katibu akamwambia, "Lakini mzee, kikao kile tulikubali." Mzee akajibu, "Ndiyo tulikubali, lakini tulikosea. Si ndiyo maana kuna marekebisho?"

Mnacheka, lakini ni swali zuri, na katika ukumbi huu wapo ambao wangeandika alichosema mzee. Nami nilishaandika mambo kama hayo nilipokuwa mgeni wa kazi, kwa kuogopa mvi.

Jibu ni hili: ajenda ya kuthibitisha inauliza swali moja tu. Je, maandishi haya yanaeleza kwa usahihi yale yaliyotokea siku ile? Haiulizi kama yaliyotokea yalikuwa mazuri. Yule mama anasema maandishi hayakueleza ukweli kuhusu yeye: ni marekebisho. Mhasibu anasema maandishi yana takwimu ambayo bodi haikuitamka: ni marekebisho. Mzee anakiri mwenyewe kwamba bodi ilikubali, na muhtasari unasema bodi ilikubali. Kwa hiyo muhtasari uko sahihi. Anachotaka mzee ni uamuzi mwingine, na uamuzi mwingine una njia yake, unaingizwa kwenye ajenda, wajumbe wanaarifiwa mapema, wanaujadili na kuamua upya. Mkiuingiza kwa mlango wa marekebisho mnakuwa mmeandika kwamba tarehe 14 Machi bodi ilikataa, wakati fundi alishapewa kazi kwa kibali cha bodi hiyo hiyo. Siku fundi akienda kudai haki yake, kitabu chenu kitakuwa kinamsingizia.

Ukitaka kumpima mtu papo hapo, muulize hivi kwa adabu: "Mzee, unasema kikao hakikusema hivi, au unasema hakikupaswa kusema hivi?" La kwanza ni marekebisho. La pili ni hoja mpya. Swali hili limeniokoa mara nyingi, na halimvunjii mtu heshima.

Je, ya mzee uyaandike? Siyo kwenye orodha ya marekebisho. Mwenyekiti akimwelekeza alete hoja yake kwenye kikao kijacho, andika hivyo kwa sentensi moja. Asipoelekeza kitu, mzee akaridhika akanyamaza, waweza kuacha. Hatuandiki kila pumzi ya mjumbe.

Sasa tuandike. Kwenye kitabu cha chama kile kila ajenda inapewa namba yake ya muhtasari, na hesabu ilikuwa imefika 8/2024, kwa hiyo kufungua kikao kukawa Muht. 9/2024, na ajenda ya pili ikawa Muht. 10/2024. Ingeandikwa hivi:

"Ajenda Na. 2: Kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao cha tarehe 14/3/2024.

Muht. 10/2024: Katibu alisoma muhtasari wa kikao cha kawaida cha Bodi cha tarehe 14/3/2024. Wajumbe waliufanyia marekebisho yafuatayo:

(a) Ukurasa wa 1, orodha ya mahudhurio: jina la mjumbe wa sita liondolewe kwenye orodha ya wasiohudhuria bila taarifa na liingizwe kwenye orodha ya waliotoa udhuru.

(b) Ukurasa wa 3, Muht. 4/2024, mstari wa sita: palipoandikwa 'shilingi 540,000' pasomeke 'shilingi 450,000'.

Baada ya marekebisho hayo, wajumbe waliuthibitisha muhtasari kuwa kumbukumbu sahihi za kikao hicho, na Mwenyekiti na Katibu waliutia saini."

Angalieni kile kifungu cha (b). Kina ukurasa, kina namba ya muhtasari, kina mstari, kina maneno ya zamani na maneno mapya. Watu wengi huandika mapya tu: "Kiasi ni shilingi 450,000." Mtu akisoma hajui ilikuwa imeandikwa nini kabla, na akiwa na nakala ya zamani mkononi hajui ipi ni ipi. "Palipoandikwa" na "pasomeke" ni maneno mawili ya kizamani ya ofisini, yananikumbusha mashine za taipu, lakini sijapata mengine yanayofanya kazi hiyo kwa ufupi namna hiyo.

Masharti ya vyama vingine yanataka mtu atoe hoja na mwingine aunge mkono. Kama yenu yanasema hivyo, andika nani alitoa hoja na nani aliunga mkono. Kama hayasemi, Mwenyekiti akiuliza kama kuna marekebisho mengine na kukawa kimya, muhtasari umethibitishwa.

Kuna swali ninaloulizwa kila mahali, hata Njombe niliulizwa: mjumbe ambaye hakuwepo kikao kilichopita anaweza kuthibitisha? Anaweza, isipokuwa masharti yenu yanakataza. Kuthibitisha ni kazi ya kikao kizima, siyo ushahidi wa mtu mmoja mmoja. Ila kwa busara tu, linapotokea bishano la nini kilisemwa, msikilizeni zaidi aliyekuwepo. Vivyo hivyo kwa Mwenyekiti. Kama Mwenyekiti wa Machi anaumwa na Juni anaongoza Makamu, anayesaini muhtasari wa Machi ni Makamu, kwa sababu anasaini kwa niaba ya kikao kinachothibitisha. Na tarehe anayoandika chini ya saini ni 13/6/2024, siyo 14/3/2024. Nimeona vitabu ambavyo saini zote zina tarehe ya kikao chenyewe, kana kwamba muhtasari uliandikwa, ukachapwa na kuthibitishwa kabla watu hawajanyanyuka kwenye viti. Mkaguzi akiona hivyo anaanza kukitilia shaka kitabu kizima.

Turudi kwenye karatasi yenyewe ya Machi. Kwenye ukurasa wa 3 unafanyaje? Unapiga mstari mmoja mwembamba juu ya 540,000, isomeke bado. Unaandika 450,000 juu yake. Mwenyekiti na Katibu wanaweka sahihi fupi kwenye pambizo, sambamba na mstari huo. Halafu pembeni unaandika "Angalia Muht. 10/2024". Basi. Ule wino mweupe wa kufutia, tafadhali, uacheni kwa watoto wa shule. Palipopakwa wino mweupe kwenye kitabu cha mihtasari hapajulikani palikuwa na nini, na penye takwimu za fedha kila mtu atafikiria mabaya.

Najua wengi sasa hamwandiki kwa mkono. Mnachapa kwenye kompyuta na kutuma kwenye kundi la WhatsApp la wajumbe. Hapo kuna mtego. Katibu akisharekebisha anachapa nakala safi, imenyooka, ina 450,000, anaisaini na kuiweka kwenye jalada. Lakini ile ya kwanza yenye 540,000 bado iko kwenye simu za wajumbe tisa. Siku ya ugomvi watu watakuja na simu zao. Dawa ni mbili. Nakala unayoituma kabla ya kikao iandike juu kwa herufi kubwa: RASIMU, HAUJATHIBITISHWA. Na hata ukichapa nakala safi, orodha ya marekebisho ibaki kwenye muhtasari wa Juni kama nilivyoandika, isiishie kwenye kufuta tu. Wamarekani wana desturi nyingine: wanasahihisha moja kwa moja ndani ya muhtasari wa zamani, na kwenye muhtasari mpya wanasema tu kwamba ulithibitishwa kama ulivyosahihishwa, bila kutaja kilichosahihishwa. Kwao inafanya kazi. Kwetu, ambako kitabu kinabadilisha mikono kila baada ya uchaguzi, mimi nasema orodha iwepo.

Nilisema kuna kosa nililolifanya mwenyewe. Ni hili la nambari, isipokuwa langu lilikwenda mbali zaidi. Nilikuwa nimeandika kiasi kikubwa kuliko kilichokubaliwa, nikampa mhasibu nakala kabla ya kikao kuthibitisha, naye akalipa kwa kufuata maandishi yangu. Tofauti ikaonekana baada ya miezi mitatu. Fundi alirudisha, kwa shida, kwa awamu. Mwenyekiti wangu wa wakati ule, Mungu amrehemu, hakunifokea. Aliniuliza tu: "Binti, ulisoma azimio kabla hatujafunga kikao?" Sikuwa nimelisoma.

Tangu siku ile, azimio lolote lenye fedha, tarehe au jina la mtu, nalisoma kwa sauti kabla ya ajenda ya kufunga. "Bodi imeidhinisha shilingi laki nne na nusu, nne tano sifuri, kwa ajili ya mashine, msimamizi Katibu, mwisho tarehe 30 Aprili. Ndivyo?" Wakisema ndivyo, naandika kwa tarakimu na kwa maneno. Makosa mengi ya ajenda ya pili yanafia hapo, hayafiki miezi mitatu.

Na hapa niondoe dhana moja ambayo imewachelewesha watu. Wapo wanaodhani uamuzi wa kikao hauna nguvu mpaka muhtasari uthibitishwe. Sivyo. Uamuzi unaanza pale ulipopitishwa, kama akidi ilitimia na utaratibu ulifuatwa. Kinachothibitishwa baadaye ni maandishi. Kama sivyo, chama cha kahawa kingesubiri hadi Juni kutengeneza mashine, na Juni kahawa imeshaiva. Ikitokea benki au msambazaji anataka karatasi haraka, msitoe muhtasari mzima ambao haujathibitishwa. Andikeni dondoo ya azimio lile moja, kama lilivyosomwa kabla ya kufunga kikao, Mwenyekiti na Katibu wasaini, na iwe na tarehe na namba ya muhtasari.

Tumalizane na ya pili, twende ya tatu. Kwa nini yatokanayo inafuata baada ya kuthibitisha na siyo kabla? Kwa sababu huwezi kutoa taarifa ya utekelezaji wa azimio ambalo hamjakubaliana liliandikwaje. Fikiria katibu wa Mbozi angeanza na yatokanayo: angesema "fundi kalipwa 450,000" wakati muhtasari mezani unasema 540,000. Papo hapo watu wangeuliza 90,000 iko wapi. Akitanguliza marekebisho, swali halizaliwi.

Yatokanayo ni taarifa ya nini kimefanyika kutokana na yale mliyoyaagiza. Neno lenyewe linasema. Siyo nafasi ya kujadili upya, na wala siyo kapu la mambo mapya. Tulikuwa na mjumbe ambaye kila kikao, tukifika yatokanayo, aliibua jambo ambalo halikuwahi kusemwa popote, na akiulizwa anasema limetokana na mawazo yake. Tatizo la kukubali hilo siyo usumbufu tu. Mjumbe aliyebaki nyumbani alisoma ajenda, akaona hakuna jambo linalomhusu. Mkiamua jambo jipya chini ya yatokanayo mmemwamulia mtu ambaye hakuarifiwa. Jambo jipya liende kwenye mengineyo kama ni taarifa tu, na kama linahitaji uamuzi mzito, kikao kijacho.

Kujiandaa kwake hakuna siri. Wiki mbili kabla ya kikao, chukua muhtasari wa mwisho, chora mstari chini ya kila azimio lenye mtu aliyeagizwa. Kwenye muhtasari wa Machi wa chama chetu yalikuwa matatu tu: mashine, madeni ya pembejeo, na usafiri wa kahawa kwenda kiwandani. Mpigie kila mhusika. Usisubiri kumuuliza mbele ya kikao, atasema "liko mbioni", na wewe utaandika "liko mbioni", na kikao kijacho litakuwa bado linakimbia. Muulize nyumbani kwake: limefanyika lini, kiasi gani, karatasi iko wapi.

Halafu unaandika hivi:

"Ajenda Na. 3: Yatokanayo na muhtasari wa kikao cha tarehe 14/3/2024.

Muht. 11/2024: Wajumbe walipokea taarifa zifuatazo:

(a) Kutokana na Muht. 4/2024, matengenezo ya mashine ya kumenya kahawa: Katibu aliarifu kuwa fundi alimaliza kazi tarehe 20/4/2024 na mashine ilijaribiwa tarehe 22/4/2024. Alilipwa shilingi 450,000. Stakabadhi iko kwenye jalada la malipo. Utekelezaji umekamilika.

(b) Kutokana na Muht. 5/2024, madeni ya pembejeo: Mhasibu aliarifu kuwa kati ya wanachama 31 waliokuwa wanadaiwa, 19 wamelipa na 12 bado. Mhasibu aendelee kufuatilia na alete orodha ya waliobaki kwenye kikao cha Septemba.

(c) Kutokana na Muht. 6/2024, usafiri wa kahawa: suala hili limepangwa kwenye Ajenda Na. 5 na litajadiliwa hapo."

Kila kifungu kinaanza na namba ya azimio la zamani. Hiyo ndiyo kamba inayomvuta msomaji kutoka Juni kurudi Machi bila kupekua. Na kila kifungu kinaishia sehemu moja kati ya tatu: limekamilika, linaendelea na nani anabeba mpaka lini, au limehamishiwa ajenda fulani. Ukiona kifungu chako hakiishii popote, kama vile "wajumbe walisisitiza umuhimu wa kulipa madeni", ujue umeandika hotuba, siyo muhtasari.

Hiki cha (c) msikipuuze. Katibu asipoandika hivyo, bodi itajadili usafiri kwenye ajenda ya tatu kwa saa nzima, halafu itaurudia kwenye ya tano, na utakuwa na maamuzi mawili ya jambo moja katika kikao kimoja. Nimewahi kukuta mawili hayo yanapingana. Ya tatu ilisema magari mawili, ya tano ikasema moja. Mwenye lori alishika la magari mawili, ungemlaumu vipi?

Je, ile (b) ikifika Septemba bado haijaisha? Wengi wanaandika "Kutokana na Muht. 11/2024, madeni ya pembejeo". Ni sahihi, lakini inaficha umri. Mimi naandika "Kutokana na Muht. 11/2024(b), likiwa limeanzia Muht. 5/2024". Msomaji anaona mara moja kwamba deni hili lilianza Machi, kikao hiki ni cha tatu kulisikia. Bodi nayo inaona aibu kidogo, na aibu hiyo inasaidia. Jambo likizunguka vikao vitatu bila kusogea, Mwenyekiti ashauriwe ama alifanye ajenda kamili, ama bodi iamue kwa maandishi kuliacha. Lisiachwe liyeyuke, yaani kikao kimoja liko, kinachofuata halipo, na hakuna pahali palipoandikwa limekwishaje.

Vyama vingine wanatumia jedwali: namba ya azimio, azimio, mhusika, utekelezaji. Ni nzuri, na ofisi za halmashauri zimelizoea. Tahadhari moja tu, ule safu wa utekelezaji usijazwe na neno "limetekelezwa" kutoka juu mpaka chini. Limetekelezwa lini, kwa kiasi gani, ushahidi uko wapi? Jedwali linamfanya mtu awe mvivu wa sentensi.

Niliambiwa niache muda wa maswali, na kuna dada wa pale nyuma ameandika la kwake kwenye karatasi, limenifikia: "Mama, itakuwaje kama kosa limeonekana baada ya muhtasari kuthibitishwa na kusainiwa?"

Swali lako, mwanangu, ndilo gumu kuliko yote. Tuseme ile 540,000 haikuonwa na mtu mwezi Juni. Muhtasari umesainiwa na kosa lake. Septemba mhasibu anagundua. Kwanza, usiuguse ukurasa wa Machi. Umeshasainiwa kwa niaba ya kikao, na wewe Katibu peke yako, hata ukiwa na Mwenyekiti pembeni, si kikao. Kuurekebisha kimya kimya ni kughushi, hata kama unarekebisha kuelekea ukweli.

Pili, lisipitishwe kwenye ajenda ya kuthibitisha ya Septemba, maana Septemba mnathibitisha muhtasari wa Juni, siyo wa Machi. Liwekwe kama ajenda yake: "Kusahihisha muhtasari wa kikao cha tarehe 14/3/2024." Katibu aeleze kosa, alete ushahidi, na ushahidi ni ile rasimu ya mkono uliyoandika siku ya kikao pamoja na makadirio ya fundi. Ndiyo maana nasema daftari la rasimu msilitupe haraka. Wajumbe wakiridhika, waazimie. Wasiporidhika wote, wapige kura, uandike. Azimio litasema: "Bodi iliazimia kuwa Muht. 4/2024, uliothibitishwa tarehe 13/6/2024, palipoandikwa 'shilingi 540,000' pasomeke 'shilingi 450,000', kwa kuwa makadirio ya fundi na rasimu ya Katibu vinaonyesha kiasi hicho."

Mkishaazimia, ndipo unarudi kwenye ukurasa wa 3 wa Machi. Hukati kitu. Unaandika kwenye pambizo tu, "Umesahihishwa, angalia" na namba ya muhtasari wa Septemba, unaweka sahihi fupi na tarehe, na Mwenyekiti naye anaweka yake.

Mwenye kitabu cha chama chake hapa, akifungue ajenda ya pili ya kikao chao cha mwisho, tuanze nacho.